Bei Mbili za Birr: Fahali wa Biliqo na Soko la Barabarani la Moyale

Biliqo ni kijiji cha wafugaji katika wadi ya Chari, upande wa Merti, Kaunti ya Isiolo. Huko mali huhesabiwa kwa miguu minne. Mtu akiulizwa ana kiasi gani, hataji akiba ya benki. Hunyamaza kidogo, kwa maana si adabu kumwuliza Mborana idadi ya ng'ombe wake, kisha huelekeza macho malishoni. Ni vigumu basi kuamini kwamba mfugaji wa aina hii, ambaye pengine hajawahi kuingia katika ofisi ya kubadilisha fedha, huishi chini ya kivuli cha bei ya dola ya Marekani iliyopangwa Addis Ababa. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, na insha hii inakusudia kuonyesha jinsi kivuli hicho kilivyomfikia, kilimpokonya nini na kilimpa nini.

Waborana wa Waso, kama wanavyoitwa wale wa bonde la Ewaso Nyiro, wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka. Kiini cha kabila hili kiko kusini mwa Ethiopia, katika nchi ya Yabelo na Dubluk, na mpaka uliowekwa na wakubwa wa zamani haukukata undugu. Ukame unapomaliza ng'ombe wa mtu, desturi iitwayo busa gonofa huwataka watu wa ukoo wake wamchangie mifugo ili aanze upya. Ukame uliodumu misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, uliacha mizoga pande zote mbili za mpaka, na wakati wote wanapohitaji msaada, desturi peke yake haitoshi. Mvua iliporudi, wengi walilazimika kununua mitamba ili kujenga upya mazizi yao. Hapo ndipo fedha za nchi mbili zilipokutana, na mahali pa kukutana palikuwa Moyale.

Moyale ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande wa kusini ni Kenya, Kaunti ya Marsabit. Upande wa kaskazini ni Ethiopia. Kutoka Isiolo ni safari ya takribani kilomita 500 juu ya lami. Upande mmoja bei hutajwa kwa shilingi, upande wa pili kwa birr, na kati yake husimama vijana na wazee wenye vibunda vya noti mikononi au mifukoni. Hao ndio wabadilishaji wa barabarani. Serikali huwaita walanguzi. Wachuuzi wa ng'ombe huwaita kwa majina yao.

Ili kuelewa kazi yao ni lazima kwanza kueleza bei mbili. Hadi mwezi Julai 2024, Benki Kuu ya Ethiopia ilikuwa ikisimamia thamani ya birr kwa mkono wake. Dola moja ilihesabiwa kuwa takribani birr 57. Barabarani, dola hiyohiyo ilikuwa ikiuzwa kwa takribani birr 115, yaani mara mbili. Jambo hili halikuwa geni katika nchi ile. Tangu 1973 dola ilikuwa imeshikiliwa kwa birr 2.07 na ikabaki hapo hadi Oktoba 1992, ilipopandishwa kwa siku moja kufika birr 5. Miaka yote ile mitaani kulikuwa na bei nyingine. Sarafu inaposhikiliwa juu ya thamani yake ya kweli, fedha za kigeni huonekana rahisi katika vitabu vya benki, na kila mtu huzitaka. Kwa kuwa ni rahisi, hazitoshi. Kwa kuwa hazitoshi, hugawanywa kwa foleni na kwa vibali. Na anayekosa nafasi katika foleni huenda barabarani.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa magazeti hulipita haraka. Bei rasmi haikuwa bei kwa maana ya kawaida ya neno hili. Mchuuzi wa nyanya akitaja bei, humaanisha kwamba ukimpa kiasi hicho atakupa nyanya. Benki ya Ethiopia ilipotaja birr 57, ilimaanisha kwamba ukimletea dola atakupa birr 57. Haikumaanisha kwamba ukimletea birr 57 atakupa dola. Ulikuwa mlango wa kuingilia tu. Kutoka kulihitaji kibali, na kibali kilikuwa na mpangilio wake wa nani atangulie: mafuta, dawa, mbolea, kisha wengine waliobaki wakisubiri. Alama ya kwanza ya bei ya kulazimishwa ndiyo hiyo: nenda benki ukaulize bei ya kununua na bei ya kuuza, na ukipewa ya kwanza kwa furaha huku ya pili ukiambiwa urudi baadaye, basi jua kwamba bei ya kweli iko mahali pengine.

Na achukuliwe sasa mchuuzi wa ng'ombe wa Dubluk. Huyu ni wa mfano, na bei za ng'ombe zitakazotajwa ni za kufanyia hesabu, lakini viwango vya fedha ni vile vya katikati ya 2024, wakati dola moja ilikuwa takribani shilingi 130 za Kenya. Amenunua fahali kwa birr 45,000 na kumuuza upande wa Kenya kwa shilingi 65,000, ambazo ni sawa na dola 500. Sheria ya nchi yake ilitaka biashara ya nje ipite katika benki, na sehemu kubwa ya fedha za kigeni ikabidhiwe huko kwa bei rasmi. Kwa bei ile, dola zake 500 zingekuwa birr 28,500. Angekuwa amepata hasara ya birr 16,500 kabla hajamlipa mchungaji wala dereva. Si kwamba fahali hakuwa na soko, wala kwamba mchuuzi hakujua kazi. Hasara yote ilitokana na namna dola ilivyohesabiwa.

Mchuuzi huyo akivuka barabara na kumwendea mbadilishaji, hesabu hugeuka. Mbadilishaji naye hupiga hesabu fupi. Huuliza Nairobi dola ni shilingi ngapi, huuliza Addis Ababa dola ya barabarani ni birr ngapi, kisha hugawanya: 130 kwa 115, jibu ni shilingi 1.13 kwa kila birr. Dola yenyewe haipo mezani na pengine hakuna aliyeiona siku nzima. Ni kipimo tu, kama pishi inayopimia nafaka za watu wawili. Kutoka kwenye kipimo hicho mbadilishaji hupanga bei zake mbili. Huuza birr kwa shilingi 1.15 na kuinunua kwa shilingi 1.11. Senti nne zilizo katikati ndizo riziki yake, na ndani yake humo kuna malipo ya hatari anayobeba. Kwa shilingi 1.15, mchuuzi wa Dubluk hupata takribani birr 56,500 kwa shilingi zake 65,000. Fahali aliyempa hasara ya birr 16,500 mlangoni mwa benki amempa faida ya birr 11,500 barabarani.

Swali linalofuata ni hili: mbadilishaji anazipeleka wapi shilingi? Huziuza kwa mwenye duka wa upande wa Ethiopia anayetaka nguo, vyombo vya plastiki au simu kutoka mitaa ya Eastleigh mjini Nairobi, na ambaye foleni ya benki isingemfikia hata baada ya mwaka. Kwa hiyo ng'ombe hushuka kusini na bidhaa hupanda kaskazini, na mbadilishaji husimama katikati akiunganisha watu wawili wasiojuana. Mara nyingine noti hazibebwi kabisa. Shilingi hutumwa kwa M-Pesa upande wa Kenya, na birr hulipwa taslimu na mshirika upande wa pili, kwa neno la simu na uaminifu wa hawala. Msimu wa ng'ombe wengi, shilingi hujaa Moyale na birr hupanda kidogo. Maduka yanapojaza bidhaa kabla ya sikukuu, shilingi hutafutwa na birr hushuka. Ndiyo maana wachuuzi husema kwamba bei ya birr huletwa na kwato.

Mpaka hapa Biliqo haijatajwa katika hesabu, kwa sababu wafugaji wake huuza ng'ombe wao Merti na Isiolo, kwa shilingi, na wengi wao hawana haja na birr. Lakini lori linalotoka Moyale kwenda Nairobi hupita Isiolo. Ndani yake wamo mafahali wa Dubluk, na fahali wa Dubluk na fahali wa Biliqo hufika kwa mchinjaji mmoja. Mchinjaji haulizi uraia wa nyama.

Chukua fahali yule wa birr 45,000. Wakati birr moja ilipouzwa barabarani kwa shilingi 1.50, fahali huyo alimgharimu mnunuzi kutoka Kenya shilingi 67,500. Birr ikishuka mpaka shilingi 1.15, na bei ya Dubluk isiposogea kwanza, fahali huyohuyo hugharimu shilingi 51,750. Amepungua shilingi 15,750 bila kukonda hata ratili moja. Dalali wa Isiolo akishapata wa bei hiyo, humwambia mfugaji wa Biliqo kwamba soko limeanguka. Mfugaji hutazama malisho yake, huona ng'ombe wamenona, mvua imenyesha vizuri, na hashiki sababu. Humshuku dalali, humlaumu mwenye lori, pengine hulaumu serikali ya kaunti. Ukweli ni kwamba jambo limetokea katika vibunda vya noti vilivyo mbali naye. Baada ya miezi kadhaa bei za Dubluk nazo hupanda kwa birr, kwa kuwa wenye ng'ombe wa kule pia hujua kuhesabu, na pengo hupungua. Lakini aliyeuza mapema kulipa karo ya shule amekwisha kuuza.

Hiyo ni sura ya muuzaji. Mfugaji huyohuyo anapogeuka mnunuzi, kivuli hugeuka naye. Na aseme kwamba ukame ulimmalizia ng'ombe, akabakiwa na mbuzi na ngamia wachache, akawauza baadhi yao, akaongezewa na mwanawe anayefanya kazi mjini, mpaka akakusanya shilingi 195,000. Anapanga kwenda kwa wajomba zake ng'ambo ya mpaka kununua mitamba. Mtamba mmoja, kwa mfano wetu huu, ni birr 30,000.

Akizipeleka fedha zake benki upande wa Ethiopia, shilingi 195,000 ni dola 1,500, na dola 1,500 kwa birr 57 ni birr 85,500. Atarudi na mitamba wawili na birr 25,500 za mkononi. Akimwendea mbadilishaji anayeuza birr kwa shilingi 1.15, atapata birr 169,500 na ushei. Atarudi na mitamba watano, na abakiwe na birr 19,500 za vibali, chanjo, mchungaji na njia. Kati ya mitamba wawili na watano ndipo pana tofauti ya nyumba yenye maziwa na nyumba inayongoja msaada. Mtu anayesema kwamba mfugaji huyu angefaa kwenda benki kwa sababu ndiyo sheria, na afikirie kwanza mitamba watatu wanaobaki nyuma, kisha aseme tena.

Hata hivyo, si haki kuusifu mtaa kana kwamba hauna mitego. Mwenye shilingi 195,000 kwenye bahasha, mgeni katika mji, ni windo. Wenye uzoefu wana taratibu zao, nazo zafaa kuelezwa. Kwanza, mgeni huuliza bei zote mbili kabla ya kusema ana fedha gani. Akisema, "Nina shilingi," atatajiwa bei ya mwenye shilingi, lakini akiuliza, "Birr leo mnanunua ngapi na kuuza ngapi?" mbadilishaji hulazimika kutaja nafasi iliyo katikati, na nafasi hiyo ndiyo kipimo cha uaminifu. Ikiwa wengine wana tofauti ya senti nne na yeye ana senti kumi na tano, ameona mgeni. Pili, huuliza watu watatu wasiosimama pamoja. Tatu, akikutana na anayetoa bei nzuri kupita wote kwa mbali, huondoka. Mlaghai hana haja ya faida ya senti nne, kwa hiyo anaweza kutaja bei yoyote. Faida yake iko ndani ya kibunda. Nne, mwenye fedha huhesabu wa mwisho, na baada ya kuhesabu hakirudishi kibunda mkononi mwa mwenzake hata kwa sekunde moja. Wizi mwingi wa barabarani hutokea hapo: mbadilishaji hudai kwamba kuna kosa, hukichukua kibunda ili akihakikishe, na kikirudi noti za ndani zimepungua au zimekunjwa mara mbili. Tano, hufanya kazi hii mchana, ndani ya duka la mtu anayejulikana na jamaa zake, wala si pembeni mwa kituo cha magari.

Hatari kubwa zaidi lakini haimo mikononi mwa mlaghai. Imo katika noti yenyewe. Mwezi Septemba 2020 serikali ya Ethiopia ilitangaza kwamba noti za birr 10, 50 na 100 zitabadilishwa kwa noti mpya, na noti ya birr 200 itatolewa kwa mara ya kwanza. Watu walipewa miezi mitatu. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni fedha zilizofichwa nje ya benki na biashara haramu. Kwa mtu wa Addis Ababa, hilo lilikuwa jambo la foleni. Kwa mtu aliyeweka birr sandukuni upande wa Kenya, lilikuwa jambo la kufa na kupona, kwa maana noti zake zingeweza kubadilishwa katika benki za Ethiopia tu, na sheria haikumruhusu msafiri kuvuka mpaka na kiasi kikubwa cha birr. Njia iliyobaki ilikuwa kuwauzia wenye akaunti upande wa pili kwa bei ya kutupa, na kadiri siku zilivyopungua ndivyo bei ilivyozidi kutupwa. Somo lililobaki ni jepesi kulieleza na gumu kulifuata: birr ya barabarani ni ya kupitia, si ya kuwekea. Anayetaka mitamba, na abadilishe asubuhi na anunue jioni.

Kisha ikaja tarehe 29 Julai 2024. Benki Kuu ya Ethiopia ilitangaza kwamba haitaishikilia tena birr, na kwamba benki na wateja wao watakubaliana bei. Siku ileile dola ilipanda kutoka birr 57 hadi karibu birr 75 katika benki kubwa ya serikali, na ndani ya majuma machache ikapita birr 100. Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa takribani dola bilioni 3.4 kuunga mkono hatua hiyo. Habari zilitangaza kwamba birr imeanguka, na neno hili liliwatisha watu wengi waliokuwa na birr mfukoni.

Mfugaji wa Biliqo, ikiwa bado alikuwa na zile birr 19,500, alipoteza kiasi gani siku ile? Jibu la haraka ni kwamba alipoteza karibu robo ya thamani yake, kwa vile dola ilipanda kutoka birr 57 hadi karibu birr 75. Jibu hilo si sahihi. Yeye hakununua birr kwa 57. Alizinunua kwa hesabu ya 115, na siku ile barabarani dola haikuruka kutoka 115 kwenda mara mbili yake. Kilichoanguka ni bei ambayo yeye hakuwahi kuitumia. Benki haikumshusha, ilikuwa ikishuka kumfuata mahali alipokuwa amesimama kwa miaka kadhaa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Bei rasmi ilikwenda tezi, ikaenda omo, na iliporejea ilikuta wachuuzi wa Moyale wamekwisha kutandika mikeka ngamani.

Ni nani basi aliyepoteza? Ni yule aliyekuwa akipata dola kwa 57. Mtu aliyepewa kibali cha dola 100,000 alilipa birr milioni 5.7 kwa kitu ambacho mtaa ulikipima kwa birr milioni 11.5. Akiagiza bidhaa kwa dola hizo, hakuwa na sababu ya kuziuza kwa bei ya chini, kwani mwenye duka jirani yake amenunua dola barabarani na amepanga bei kwa hesabu hiyo. Mnunuzi wa kawaida alilipa bei ya barabarani katika maduka yote mawili. Tofauti ya birr milioni 5.8 haikumfikia yeye wala mchuuzi wa Dubluk. Ilibaki kwa aliyekuwa mbele ya foleni. Na fedha hizo hazikutoka hewani. Zilitoka kwa kila aliyelazimika kumkabidhi benki dola yake kwa 57: mwenye kahawa, mwenye ufuta, na mwenye fahali aliyeogopa kuvuka barabara. Bei rasmi iliyoshikiliwa ilikuwa kodi isiyoandikwa, iliyotozwa wazalishaji na kupewa wenye vibali.

Nchi jirani zilikwisha kupita njia hii, na lugha ya Kiswahili imehifadhi alama zake. Katika Uganda, bei ya barabarani iliitwa ya kibanda, na biashara yote ya mlango wa nyuma tangu siku za Idi Amin iliitwa magendo. Mwaka 1990 serikali iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na kibanda kikapata leseni. Tanzania, mwaka 1983, iliwasaka walanguzi kwa sheria ya uhujumu uchumi. Mwaka 1984 ikawaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, na mwaka 1992 ikaruhusu maduka ya fedha. Kenya yenyewe iliishusha shilingi mara kadhaa mwaka 1993, na mwishoni mwa 1995 ikaifuta sheria ya kudhibiti fedha za kigeni. Katika nchi zote tatu neno la lawama lilitangulia na leseni ikafuata, na mara nyingi waliopewa leseni walikuwa watu wa kazi ileile iliyolaumiwa.

Wala Mkenya asidhani kwamba jambo hili limepita kwake moja kwa moja. Mwanzoni mwa 2023, waagizaji wa bidhaa mjini Nairobi walikuwa wakisoma bei ya dola iliyotangazwa, kisha wakienda benki na kuuziwa kwa bei iliyozidi hiyo kwa shilingi kadhaa, tena kwa mafungu madogo. Hapakuwa na vijana wenye vibunda barabarani, lakini dalili ilikuwa ileile: bei inayotajwa si bei inayopatikana. Shilingi iliachiwa kushuka, ikafika karibu 160 kwa dola mwezi Januari 2024, kisha ikarudi hadi 130. Pengo lilifunga lilipoachwa lipumue.

Je, soko la barabarani la Moyale lilikufa baada ya Julai 2024? Halikufa. Pengo lilipungua sana, kisha likaanza kufunguka tena, kwa sababu benki hazikuwa na dola za kumtosha kila mtu hata kwa bei mpya, na muuzaji wa nje bado alitakiwa kuikabidhi benki nusu ya fedha zake. Zaidi ya hayo, fahali hahitaji barua ya benki ili atembee. Anayempitisha njia rasmi hulipa ada, hungoja daktari wa mifugo na hujaza fomu. Anayempitisha porini hupitisha usiku mmoja. Bei mbili zinapokaribiana, sababu moja ya kupita porini huondoka, lakini nyingine hubaki. Huo ndio mpaka wa dawa hii: kuiachia sarafu huondoa faida ya kusimama mbele ya foleni, lakini hakupunguzi ada, hakufupishi safari ya kwenda benki, wala hakuleti dola zisizokuwepo.

Kwa mfugaji wa Biliqo, jambo la kuangalia baada ya hapo limekuwa rahisi kidogo kuliko zamani. Dalali akimwambia kwamba soko la Isiolo limeanguka, ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kukubali au kukasirika. La kwanza, birr ya Moyale juma hili ni shilingi ngapi? La pili, juma lililopita ilikuwa ngapi? Ikiwa imeshuka, dalali anasema kweli, na mwenye ng'ombe anaweza kungoja, kwa kuwa Dubluk itapandisha bei zake baada ya muda. Ikiwa haijasogea, basi sababu haiko Moyale, na pengine imesimama mbele yake ikiwa imeshika fimbo ya dalali.